Barua ya Usiku wa Nyota

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya astronomia katika Chuo Kikuu cha Nairobi anataka kupeleka darubini kwenye shule ya msingi kijijini kwao, Makueni. Lazima kwanza amwandikie mwalimu mkuu. Wengi huijaza barua ya namna hii maelezo kuhusu ukubwa wa ulimwengu. Mwalimu mkuu anahitaji kujua mambo mengine: ni usiku upi, saa ngapi hadi saa ngapi, watoto gani, na mawingu yakitanda itakuwaje.

Tarehe ndiyo moyo wa barua, na anayeipanga ni Mwezi. Watu hudhani Mwezi mpevu ndio unaofaa, kumbe ndio usiofaa. Usiku huo Jua linaumulika uso wake moja kwa moja, vivuli vinatoweka, na mashimo na milima yake huonekana kama madoa tu. Unapokuwa nusu, katika robo ya kwanza, mwanga huupiga kwa ubavu. Pale mwanga na giza vinapokutana, kila shimo hutupa kivuli chake, na hata mtoto hutambua kina chake. Zaidi ya hayo, Mwezi wa robo ya kwanza huwa tayari uko juu Jua linapozama, nao hutua karibu na saa sita usiku. Watoto hawalazimiki kukesha.

Tuchukue mwaka 2026. Robo ya kwanza ya Septemba inaangukia Ijumaa, tarehe 18. Kesho yake hakuna masomo, na mvua za vuli kwa kawaida hazijaanza Makueni. Aya ya ratiba inaweza kusomeka hivi: “Tutaanza saa moja jioni kwa sayari ya Zuhura, iliyo upande wa magharibi, kwa kuwa itatua kabla ya saa tatu. Kisha tutautazama Mwezi. Kuanzia saa tatu, Zohali itakuwa imepanda vya kutosha upande wa mashariki.” Mwalimu akisoma hivyo anaelewa kwa nini shughuli haiwezi kuanza kwa hotuba ndefu. Kwenye darubini, Zuhura itaonekana kama hilali nyembamba. Pete za Zohali zitaonekana zimebanwa, kwa sababu mwaka huo bado tunazitazama karibu kwa ubavu.

Jambo la pili ni foleni. Darubini ya kioo chenye upana wa milimita 150 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200, ikiwekewa lenzi ya macho ya milimita 25, hukuza mara 48. Mwezi wote huenea ndani yake. Lakini Dunia inazunguka, na kwa ukuzaji huo kitu kilichowekwa katikati hutoka nje ya duara la kuonea baada ya dakika chache. Mwendeshaji hana budi kukirudisha kila baada ya watoto wawili watatu. Ukihesabu dakika moja kwa kila mtoto, watoto 120 watamaliza saa mbili kutazama kitu kimoja tu, na Zuhura haitawasubiri. Kwa hiyo barua iombe watoto 40 wa gredi ya 6, pamoja na wazazi watakaowasindikiza, badala ya shule nzima.

Yapo pia ya kuombwa shuleni: uwanja usio na miti upande wa magharibi na mashariki, taa za nje zizimwe, kiti imara cha watoto wafupi, na idhini ya wazazi kwa maandishi. Mwanafunzi naye aahidi kwamba darubini haitafunuliwa kabla Jua halijazama, kwani kulitazama Jua kwa darubini isiyo na kichujio maalumu huharibu jicho papo hapo.

Kosa linalojirudia ni kumwuliza mtoto, “Umeona?” Atajibu “Ndiyo” kwa adabu, hata kama ameishika darubini ikasogea na mbele yake ni giza tupu. Afadhali aulizwe upande upi wa Mwezi unang’aa. Darubini ya vioo hupindua picha, hivyo aliyeona kweli atataja upande ulio kinyume na ule unaoonekana kwa macho matupu.

Mwisho, barua itaje siku ya akiba. Wengi huandika “wiki inayofuata”. Lakini Ijumaa ya tarehe 25 Mwezi utakuwa karibu kuwa mpevu, na vivuli vyote vilivyofanya tarehe ya kwanza ichaguliwe vitakuwa vimekwisha. Siku ya akiba ni Jumamosi, tarehe 19. Mawingu yakitanda usiku huo pia, mwanafunzi aombe robo ya kwanza ya mwezi utakaofuata, akimweleza mwalimu mapema kwamba kufikia Oktoba mvua inaweza kuwa imeanza, na kwamba Zuhura itakuwa imekaribia mno Jua.