Heparini kwa Saa, Wafarini kwa Siku: Matibabu ya Damu Iliyoganda kati ya Lodwar na Kakuma (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi bonge la damu linavyojijenga ndani ya mshipa wa mguu, na jinsi kipande chake kinavyoweza kung'oka kikaenda kuziba mapafu. Leo tunafika kwenye dawa zenyewe. Heparini na wafarini zote mbili huzuia damu kuganda, lakini mwendo wao haufanani hata kidogo: ya kwanza huhesabiwa kwa saa, ya pili kwa siku. Mahali ambapo hospitali ya rufaa iko Lodwar na mgonjwa anaishi Kakuma, takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani apewe dawa gani, wapi, na kwa muda gani.

Tumchukue mgonjwa wa mfano. Ni mama wa miaka 28, mwenye uzito wa kilo 60, aliyejifungua kwa upasuaji siku kumi zilizopita. Mguu wake wa kushoto umevimba hadi pajani, unauma na una joto. Picha ya ultrasaundi imeonyesha bonge kwenye mshipa mkubwa wa paja, naye amelazwa Lodwar.

Daktari angeweza kumwandikia enoksaparini, aina ya heparini iliyopunguzwa ukubwa, miligramu 60 chini ya ngozi kila baada ya saa 12, bila kupima damu mara kwa mara. Kwa wagonjwa wengi wa ukanda huu hilo ndilo chaguo linalofaa, mradi figo ni nzima. Ila mama huyu bado ana kidonda kibichi tumboni na kwenye mfuko wa uzazi, na akianza kuvuja damu tunataka dawa inayozimika haraka. Kwa hiyo anaanzishiwa heparini ya kawaida kwa dripu. Dripu ikisimamishwa, nusu ya heparini iliyomo mwilini huwa imekwisha katika saa moja hadi moja na nusu.

Hesabu yake ndiyo hii. Anaanza kwa yuniti 80 kwa kila kilo, yaani yuniti 4,800, zinazosukumwa mshipani mara moja. Kisha anaendelea na yuniti 18 kwa kila kilo kwa saa, yaani 1,080 kwa saa. Muuguzi huchukua yuniti 25,000 na kuzichanganya hadi zitimie mililita 500, ili kila mililita ibebe yuniti 50. Kwa hiyo mama anahitaji mililita 21.6 kwa saa.

Pasipo na pampu ya dripu, hatari iko kwenye matone. Mrija wenye matone madogo hutoa matone 60 kwa mililita, kwa hiyo ni matone 22 kwa dakika. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo ni matone 7 tu. Muuguzi wa zamu ya usiku akiendelea kuhesabu matone 22 huku mrija umebadilishwa kuwa wa kawaida, mama anapata zaidi ya yuniti 3,000 kwa saa, mara tatu ya alichoandikiwa, na hakuna kitu kwenye chupa kitakachomwonya. Aina ya mrija lazima iandikwe kwenye karatasi ya dripu kando ya idadi ya matone. Kichupa nacho kisomwe na watu wawili, kwa kuwa kuna vyenye yuniti 1,000 kwa mililita na vyenye 5,000, na kwa mbali vinafanana.

Baada ya saa sita hupimwa aPTT, kipimo kinachohesabu sekunde ambazo damu huchukua kuganda. Ikiwa kiwango cha kawaida cha maabara ni sekunde 30, tunataka cha mama kiwe kati ya 45 na 75. Tuseme jibu limerudi 110. Kabla ya kugusa dripu, muuguzi ajiulize kwanza damu ilichukuliwa mkono upi. Ikitolewa kwenye mkono ule ule wenye dripu, maabara imepima heparini iliyokuwa njiani, wala si ile iliyoenea mwilini. Ikiwa ilitoka mkono wa pili na kwa utaratibu, dripu husimamishwa kwa saa moja, kisha inarudishwa kwa yuniti 15 kwa kilo, yaani 900 kwa saa au mililita 18, na kipimo kinarudiwa baada ya saa sita nyingine.

Hapo ndipo barabara inapoingia. Damu ya mgonjwa wa heparini inatakiwa kuzungushwa kwenye mashine ya maabara ndani ya saa moja, vinginevyo chembe sahani za damu hutoa kitu kinachomeza heparini na jibu likatoka la uongo. Kwa hiyo dripu ya heparini isianzishwe Kakuma kwa kutegemea aPTT ya Lodwar. Huko, enoksaparini ndiyo salama zaidi. Kipimo cha wafarini, kile tunachokiita INR, ni kivumilivu: damu yake hukaa hadi saa 24 ndani ya mrija wenye kifuniko, ikiwa kwenye ubaridi wa kawaida wa chumba. Mrija wenyewe, ule wa kifuniko cha buluu wenye sitreti, ujazwe hadi kwenye mstari. Ukijazwa nusu, dawa iliyomo inazidi damu, na INR inapanda bila sababu. Jua la Turkana huwafanya watu wautie pamoja na barafu kama chanjo, na hilo ni kosa, kwa sababu baridi kali huamsha moja ya protini za kugandisha na kulishusha jibu. Uwekwe kivulini, ndani ya kasha lenye ubaridi wa wastani, mbali na barafu.

Wafarini huanza siku ile ile ya heparini, miligramu 5 jioni. Haiziondoi protini za kugandisha zilizokwishatengenezwa. Kazi yake ni kulizuia ini kutengeneza mpya kwa kutumia vitamini K, kisha tunasubiri za zamani ziishe zenyewe. Ile inayoitwa namba saba huisha upesi, nusu yake ikitoweka kwa saa sita hivi. Namba mbili, ambayo ndiyo yenye uzito katika kuzuia bonge lisikue, huchukua siku mbili hadi tatu kupungua kwa nusu. Kwa hiyo siku ya nne INR ya mama inasoma 2.1, wodi inafurahi, na mtu anataka kung'oa dripu. Asiing'oe. INR hiyo inaonyesha hasa kupungua kwa namba saba. Tena wafarini siku za mwanzo hushusha protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia kuganda, kwa hiyo mgonjwa asiye na heparini wakati huo anaweza kuganda zaidi kuliko kabla hajaimeza. Dawa zote mbili ziende pamoja siku zisizopungua tano, na INR ikae 2 au zaidi kwa saa 24, ndipo heparini ikome. Katika siku hizo, kuanzia ya tano, chembe sahani nazo zihesabiwe. Zikishuka kwa nusu, huenda heparini yenyewe ndiyo inayoziharibu na kugandisha damu, na aina zote za heparini zikome, hata ile ya kusafishia kanula.

Mama anarudi Kakuma akiwa na INR ya 2.4. Anaweza kumnyonyesha mtoto wake bila wasiwasi, kwa kuwa dawa zote mbili hazimdhuru mtoto kupitia maziwa. Akishika mimba tena, wafarini ibadilishwe mapema, kwani hupita kondo la nyuma na kuharibu mifupa na pua ya kijusi, hasa kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Heparini haipiti.

Wiki ya tano anaharisha na anapewa metronidazo kwenye zahanati. Hakuna aliyemuuliza anameza nini kingine. Siku nne baadaye ufizi unatoka damu, mkojo umekuwa mwekundu, na INR ni 7.2. Metronidazo na kotrimoksazoli huizuia wafarini isivunjwe mwilini. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu tunayoitoa sana Turkana, hufanya kinyume: huivunja kwa kasi hata mgonjwa akahitaji kipimo maradufu au zaidi. Kisha matibabu ya kifua kikuu yakiisha na kipimo kile kikaachwa vile vile, damu huanza kuvuja wiki chache baadaye, wakati kila mtu ameshasahau.

Sasa tunahitaji kiuasumu, na kila dawa ina chake. Vitamini K haiigusi heparini, na protamini haiigusi wafarini. Kama mama angevuja damu akiwa kwenye dripu, tungeifunga dripu na, damu ikizidi, tungempa protamini miligramu moja kwa kila yuniti 100 za heparini aliyopata saa mbili hadi tatu za mwisho. Kwa dripu yake ya mwanzo hiyo ni kama miligramu 25, ikisukumwa polepole kwa dakika kumi, isizidi 50, huku shinikizo la damu likipimwa, maana linaweza kuporomoka. Enoksaparini protamini huizima kwa sehemu tu.

Kwa wafarini anasimamishiwa vidonge na kupewa vitamini K miligramu 5 hadi 10 kwenye mshipa, ikichanganywa na kupitishwa kwa takriban nusu saa. Isichomwe kwenye msuli, kwa sababu sindano yenyewe itaacha uvimbe wa damu. Ikiwa duka la dawa halina, itafutwe wodi ya wazazi, wanakoichoma kwa watoto wachanga, lakini vichupa vyao ni vya miligramu chache na huenda vikahitajika kadhaa. Nafuu huanza baada ya saa nne hadi sita. Akiumwa na kichwa ghafla, akitapika damu au akizimia, saa hizo ni nyingi mno: anahitaji plazima, mililita 600 hadi 900 kwa uzito wake, na gari la kwenda Lodwar liitwe kabla ya kungoja jibu la maabara.

Maelezo anayopewa kabla ya kuondoka wodini yafuate maisha yake. Mswaki wa kijiti autafune hadi uwe laini. Sindano ya maumivu ya matakoni aikatae, na diklofenaki na ibuprofeni asizimeze, hata zikiuzwa dukani kwa shilingi chache. Asiumikwe, asichanjwe, asikatwe kimio, wala asing'olewe jino kabla ya kupimwa INR. Mboga za majani hazikatazwi: tatizo ni kula sukuma wiki kila siku wiki pesa zinapoingia, kisha kukaa mwezi bila jani hata moja. Choo cheusi, hedhi isiyokoma au michubuko isiyo na sababu ni dalili za kuja siku hiyo hiyo.

Liko jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Katika kaunti yenye vipiribao, wauguzi wanajua kipimo cha dakika 20: mililita chache za damu ndani ya mrija mkavu wa kioo, unaachwa umetulia, kisha unainamishwa. Kwa aliyeumwa na nyoka ni kipimo kizuri. Nimeona kikitumiwa kwa mgonjwa wa wafarini siku maabara ilipokosa vitendanishi, damu ikaganda vizuri kioo kikiwa wima, na mgonjwa akaambiwa yuko sawa. Kipimo hicho huonyesha damu iliyokosa kabisa protini ya nyuzi, ile inayomalizwa na sumu ya nyoka. Wafarini haiimalizi, kwa hiyo damu inaweza kuganda kiooni wakati INR ni 5. Siku kama hiyo damu ipelekwe Lodwar, dozi ya jioni isimamishwe ikiwa kuna dalili yoyote ya kuvuja, na mgonjwa alale karibu na hospitali. Kliniki ya wafarini ya Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Eldoret, imetumia vifaa vidogo vinavyosoma INR kwa tone la damu ya kidoleni. Kifaa kama hicho kimoja Kakuma kingempunguzia mama huyu safari ya kwenda na kurudi kila jibu linapotakiwa.