Daftari la vihatarishi: kikundi cha alizeti kinavyoweza kujipanga kabla ya mvua

Wakulima wa alizeti mkoani Singida hawajasahau mwaka 2023, bei iliposhuka vibaya huku wengi wakilalamikia mafuta ya kula yanayotoka nje ya nchi. Kikundi hakiwezi kuzuia jambo kama hilo. Kinachoweza kufanya ni kuandika mapema yale yanayoweza kutokea, kuyapima, na kukubaliana nani atafanya nini. Kazi hiyo hufanyika katika daftari la vihatarishi.

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 20 chenye ekari 40. Wanataka kulima alizeti, kuihifadhi ghalani na kuiuza kwa pamoja.

Kuandika kihatarishi

Ukiandika "mvua" tu, hujaandika kihatarishi. Andika chanzo, tukio na athari. Kwa mfano: "Kwa kuwa tunategemea msimu mmoja wa mvua, zinaweza kukatika alizeti ikiwa kwenye maua, na mavuno yakapungua." Sentensi ya namna hiyo inakuonyesha pa kuanzia kazi.

Kutoa alama

Uwezekano wa jambo kutokea upewe alama 1 hadi 5, na athari yake vivyo hivyo. Kisha zidisha. Kwanza mkubaliane maana ya kila alama. Kikundi chetu kimesema uwezekano wa 4 ni jambo lililotokea misimu mitatu kati ya mitano iliyopita, na athari ya 5 ni hasara inayofanya kikundi kishindwe kulipa mkopo. Bila makubaliano hayo, mwenye sauti kubwa kikaoni ndiye atakayepanga alama.

Kikundi kimepata hivi:

- Mvua kukatika wakati wa maua: 4 × 4 = 16
- Bei kushuka wakati wa mavuno: 3 × 4 = 12
- Magunia matupu kuibwa: 5 × 1 = 5
- Ghala kuungua: 1 × 5 = 5

Angalia mistari miwili ya mwisho. Alama ni sawa, lakini magunia yakiibwa mtanunua mengine, ghala likiungua kikundi kimekwisha. Kwa hiyo chochote chenye athari ya 5 kijadiliwe peke yake, hata kama jumla yake ni ndogo.

Kuchagua hatua

Kwa tishio kuna njia nne: kuliepuka, kulipunguza, kulihamishia kwa mwingine, au kulikubali.

Mvua wameamua kuipunguzia makali. Watapanda mbegu ya muda mfupi kwa awamu mbili, na ekari 10 wataziwekea mtama unaostahimili ukame. Uwezekano unabaki 4, maana hakuna anayeamrisha mawingu. Athari ndiyo inashuka kutoka 4 hadi 3, na alama inakuwa 12. Mtu akikwambia uwezekano nao umeshuka, muulize umeshushwa na nini.

Hasara ya moto wataihamisha kwa bima, na kupunguza uwezekano wake kwa kupiga marufuku jiko na sigara ghalani. Wizi wa magunia wameukubali na kutenga fedha kidogo. Kwa bei, watafunga mkataba wa maandishi na mwenye mashine ya kukamua kwa nusu ya mavuno. Lakini mkataba nao unazaa kihatarishi kipya, kwamba mnunuzi anaweza kukataa kulipa. Hicho nacho kiandikwe.

Fursa nazo ziandikwe

Daftari likijaa matishio tu, kikundi hupoteza faida iliyokuwa mlangoni. Bei inaweza kupanda miezi kadhaa baada ya mavuno: uwezekano 3, faida 4, jumla 12. Fursa nayo ina njia nne: kuhakikisha mnaipata, kuikuza, kushirikiana na wengine, au kuiacha ije yenyewe.

Kikundi kimechagua kushirikiana na kikundi jirani chenye nafasi ghalani. Hata hivyo, watahifadhi kiasi ambacho hakihitajiki kulipia madeni, na alizeti itaingia ikiwa imekauka vizuri. Ikiingia na unyevu itapata joto na ukungu, na fursa itageuka hasara.

Jina na dalili

Kila mstari uwe na jina la mtu mmoja, si "kamati", na dalili ya kuanza kazi. Kwenye mstari wa mvua, dalili ni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kuhusu mvua za msimu, ambazo kwetu huanza Novemba hadi Aprili. Ukisema mvua zitakuwa chini ya wastani, mhusika anaitisha kikao wiki hiyo hiyo, na ekari za mtama zinaongezwa kabla mbegu haijanunuliwa.

Lifungueni daftari kila kikao cha mwezi. Kama alama hazijaguswa tangu Novemba hadi mavuno, hakuna aliyekuwa akilisoma.