Mwanga Unaotelemka Ukutani

Nyumba yetu ya Dar es Salaam imebanwa pande mbili. Kaskazini umesimama ukuta wa jirani, kusini kuna kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke upande. Vyumba vyote vya kulala vinatazama kichochoroni. Sebule imebaki nyuma yake, imeegemea ukuta wa jirani: upana mita 3, urefu mita 7, dirisha hakuna hata moja. Saa sita mchana, nje watu wanafumba macho kwa jua, sisi ndani tunawasha taa.

Dawa ya kwanza tuliyopewa ni ile ambayo kila fundi anayo. "Dada, toa bati moja katikati, weka la plastiki linalopitisha mwanga. Umemaliza." Tukaweka, na mwanga kweli ukaja. Ulikuja kama kipande cha shuka jeupe kilichotandikwa katikati ya sakafu, na kipande hicho kikatembea kutwa nzima, asubuhi kwenye kochi, mchana kwenye meza, jioni juu ya televisheni. Lakini kuta zilibaki na kiza chake. Tena dari lilionekana jeusi kuliko zamani, kwa sababu jicho likishakutana na kitu kinachong'aa sana, hujibana, na kila kilicho pembeni hufifia.

Na joto! Hapa kwetu jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata miezi mingine halisogei mbali. Jua la mchana bila mawingu hubeba nguvu inayokaribia wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Bati letu lilikuwa na eneo la kiasi hicho. Ni sawa na kuwasha pasi darini na kuiacha hapo mpaka jioni. Baada ya miaka michache plastiki yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa na kuanza kupasuka kwenye misumari.

Kosa letu halikuwa kuleta mwanga kutoka juu. Tulikosea mahali pa kuuangushia. Mtu akiingia chumbani hatazami sakafu, hutazama mbele, na mbele kuna ukuta. Ukuta ukiwa na mwanga, chumba huonekana kina mwanga, hata kama sakafu ni ya kiza kidogo.

Hilo alilielewa vizuri Sir John Soane, msanifu majengo wa Uingereza, ambaye nyumba yake iko hadi leo Lincoln's Inn Fields, London, na sasa ni makumbusho. Nayo imebanwa kati ya majirani. Katika chumba chake kidogo cha kifungua kinywa, alichokijenga mwaka 1812, kuna kuba bapa juu ya meza, lakini kuba hilo halifiki kwenye kuta za pande mbili. Limeachwa pengo, na juu ya pengo kuna vioo vya paa. Aliyeketi mezani havioni vioo hivyo. Anachokiona ni ukuta uliooga mwanga kuanzia juu, ukififia taratibu kadiri unavyoshuka. London anga ni la kijivu siku nyingi, ndiyo maana Soane aliweza kufungua paa lake bila woga wa joto. Sisi tunachukua akili yake, siyo vioo vyake.

Kwa hiyo tulipopata fedha ya kurekebisha, tulilivunja paa mara mbili. Paa la vyumba vya kusini likabaki chini, la sebule likapandishwa, na kwenye ile hatua kati ya mapaa hayo mawili tukapanga madirisha mafupi ya kimo cha sentimita 60, mstari mmoja mrefu, yakitazama kusini juu ya mabati ya vyumba. Mwanga unaingia hapo, unavuka sebule, unaupiga ukuta wa kaskazini kwa juu na kuanza kutelemka.

Kwa nini unafifia taratibu badala ya kukatika ghafla? Bandika shavu lako kwenye ule ukuta uone mwenyewe. Ukipanda ngazi ukawa sawa na dirisha, unaliona anga lote la dirisha. Ukisimama chini, kwenye kimo cha kifua, upenu umeshafunika karibu nusu yake. Ukilala sakafuni umebakiwa na uzi mwembamba wa anga. Kila sehemu ya ukuta hupata mwanga kwa kadiri ya anga inayoliona. Kule chini kabisa kinachosaidia ni mwanga uliokwisha kugonga dari, sakafu na ukuta wa pili ukarudi. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyokolea. Tulipoweka vigae vya rangi ya mchanga, ile sehemu ya chini ya ukuta ilifufuka.

Sasa upenu. Watu wengi huukadiria kwa macho, na hapo ndipo jua hupata njia. Dar es Salaam, mwezi Desemba saa sita, jua huinamia kusini nyuzi 17 tu kutoka utosini. Juni huinamia kaskazini nyuzi 30. Dirisha la kusini basi lina kazi ndogo: kwa kimo cha sentimita 60, upenu wa sentimita 40 unatosha kulizuia jua kuanzia kama saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, hata Desemba. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua halifiki upande huo kabisa. Dirisha hilohilo lingetazama kaskazini, lingehitaji upenu wa sentimita 65. Nairobi na Kampala, zilizo jirani na ikweta, pande hizo mbili zinakaribiana, kama sentimita 50 hivi. Mashariki na magharibi usijaribu, maana jua la chini huchungulia chini ya upenu wowote. Na usiurefushe kwa kujihami tu. Kila sentimita ya ziada inaliiba anga la sehemu ya chini ya ukuta.

Mvua nayo ina mahali pake pa kuvizia: pale mabati ya paa la chini yanapokutana na ukuta chini ya dirisha. Bati la kuziba maungio lipande ukutani sentimita 15 au zaidi, na ncha yake iingizwe ndani ya mfuo uliochongwa ukutani, kisha uzibwe. Kupaka saruji tu juu ya pembe hakudumu, kwa sababu bati hutanuka na kunywea kila siku wakati ukuta umetulia. Doa la kahawia linaloanzia chini ya kizingiti cha dirisha huwa linatoka hapo.

Hakuna aliyetuonya kuhusu lipu. Mwanga unaokwaruza ukuta kutoka juu hufichua kila kitu: kila bonde la mwiko, kila mahali fundi alipoishia jana na kuanza leo. Ukuta wetu, ambao chini ya taa ulionekana umenyooka, siku ya kwanza ulifanana na ufuo maji yakishatoka. Rangi ya mafuta ilizidisha, kwa kuwa inang'aa. Tuliikwangua, tukapiga lipu laini upya na kumalizia na rangi ya maji nyeupe. Lingeweza kuepukwa kwa jambo dogo. Usiku, kabla ya rangi, zima taa zote, panda ngazi, shikilia tochi ya simu juu kabisa ukiibana ukutani na kuielekeza chini. Mabonde yote yatajitokeza kwa vivuli vyake. Fanya hivyo kabla hujamlipa fundi.