Picha ya mpangilio wa viti ikipotea: jinsi ya kuuandika upya na kuukagua kabla ya kikao

Vikao vingi vya wakazi katika kumbi za kijamii za Likoni, Kisauni na Changamwe hupangwa kwa mchoro mmoja tu. Mtu huchora ukumbi kwenye karatasi, huupiga picha na kuituma kwa kikundi cha WhatsApp. Simu ikiharibika, au picha ikifutwa ili kupata nafasi, mpangilio wote hutoweka. Hata ikibaki, mara nyingi imetumwa na kutumwa tena hadi nambari za meza hazisomeki.

Katika kikao cha maoni kuhusu bajeti, hilo si jambo dogo. Wakazi huketi kwa wadi, na kila meza huandika miradi ambayo wadi yake inaipa kipaumbele. Wadi iliyokosa meza hutawanyika kwenye meza za wenzao, na maoni yake huingia kwenye karatasi ya wadi nyingine. Kifungu cha 196 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha umma kushiriki. Kifungu cha 54 nacho kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kupata habari. Katika ukumbi, mambo hayo mawili hutegemea nani ameketi wapi na ameingilia mlango gani.

Tuchukue mfano wa kikao cha kaunti ndogo ya Likoni, yenye wadi tano: Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani. Kila wadi imealika watu 20, wa kuketi kwenye meza mbili. Kuna meza moja ya maafisa na mkalimani wa lugha ya ishara, jumla watu 7. Nyingine ni ya watu wenye ulemavu na wasaidizi wao, watu 8, ambao wawili kati yao wanakuja na viti vyao vya magurudumu. Meza ni 12, zimepangwa safu nne za meza tatu tatu. Picha imepotea siku mbili kabla ya kikao.

Kabla ya kuandika meza yoyote, mwandishi aeleze amesimama wapi. "Kushoto" ya mtu aliye mlangoni ni "kulia" ya mtu aliye jukwaani, na picha haikuhitaji kueleza hilo kwa sababu kila mtu aliiona. Kwa maneno, sentensi ya kwanza iwe hivi: "Pande zote zimetajwa kwa mtu aliyesimama kwenye mlango mkuu akitazama jukwaa. Safu ya kwanza ndiyo iliyo karibu na mlango huo."

Kisha kila meza ipate mstari wake, kwa mpangilio uleule wa maneno:

Meza 3. Safu ya kwanza, kulia. Shika Adabu. Watu 10, viti 10. Mlango mkuu.
Meza 11. Safu ya nne, katikati. Maafisa na mkalimani. Watu 7, viti 7. Mlango wa pembeni.
Meza 12. Safu ya nne, kulia. Watu wenye ulemavu na wasaidizi. Watu 8, viti 6. Mlango wa pembeni.

Mstari mfupi namna hii unatosha kwenye ujumbe mmoja wa simu ya kawaida, unaweza kusomwa kwa sauti kwa msimamizi wa ukumbi, na simu ya mtu asiyeona inaweza kumsomea, jambo ambalo mara nyingi haiwezi kulifanya vizuri kwa nambari zilizochorwa ndani ya picha. Watu na viti vimeandikwa mbalimbali kwa makusudi. Ukumbi huu una watu 115 lakini viti vya kukodi ni 113, kwa kuwa wawili wanakuja na vyao. Anayepanga viti kumi kila meza bila kujua hilo huziba nafasi ya hao wawili.

Habari za kujaza mistari zitoke kwenye orodha ya walioalikwa, stakabadhi ya kukodi viti na kwa msimamizi anayeujua ukumbi. Kumbukumbu ya aliyechora mchoro iwe ya mwisho. Pale ambapo hakuna uhakika, iandikwe "haijathibitishwa" mpaka mtu aulizwe.

Sasa tuseme aliyeandika upya alifuata kumbukumbu, na katika orodha yake meza ya 3 ni Shika Adabu, lakini ya 4, ya 5 na ya 6 zote ni Bofu. Akijumlisha anapata watu 115, sawasawa na walioalikwa. Hapo ndipo wengi huridhika na kufunga daftari. Lakini jumla haiwezi kuonyesha kosa hili, kwa sababu hakuna mtu aliyeongezeka wala kupungua; meza moja tu imebadilishwa jina.

Dawa yake ni kuisoma orodha mara ya pili kwa kufuata makundi badala ya meza. Mtongwe: meza 1 na 2, watu 20. Shika Adabu: meza 3, watu 10. Bofu: meza 4, 5 na 6, watu 30. Kosa linajitokeza lenyewe: watu kumi wa Shika Adabu hawana pa kuketi, na Bofu ina meza ya ziada. Meza ya 4 inarudishwa kwa Shika Adabu.

Mara ya tatu, isomwe kwa milango. Mlango mkuu una ngazi, na njia ya mteremko iko kwenye mlango wa pembeni, ukuta wa kulia, karibu na safu ya nne. Ikiwa orodha inasema meza ya 12 iko safu ya nne kushoto, yaelekea aliyeandika alikuwa akiufikiria ukumbi kutoka jukwaani. Mtu wa kiti cha magurudumu angeingia kulia, kisha avuke mbele ya ukumbi mzima kufika mezani. Usomaji huu pia unaonyesha kwamba watu 100 wanaingilia mlango mkuu, kwa hivyo daftari moja la kujiandikisha litaleta foleni; afadhali yawe mawili.

Mlango wa jikoni haujapewa kundi lolote, na ndiyo maana husahaulika. Uandikwe hata hivyo: "Mlango wa jikoni, ukuta wa kushoto. Hakuna kundi. Uachwe wazi kwa dharura." Mlango usiotajwa popote ndio unaorundikiwa viti vya ziada.

Kuna jambo moja ambalo maneno hayawezi kulikagua, nalo ni upana wa njia. Mistari yote inaweza kuwa sahihi huku meza zimebanana. Kiti cha magurudumu kinahitaji kama sentimita 90 ili kipite, na zipimwe viti vikiwa vimevutwa nyuma kana kwamba vimekaliwa. Hilo ni la futi ya kupimia, asubuhi ya kikao.

Asubuhi hiyohiyo, mtu mmoja asimame mlango mkuu na kusoma mstari mmoja mmoja, mwingine atembee na kuweka nambari juu ya kila meza. Panapobadilishwa kitu, mstari urekebishwe na saa iandikwe pembeni, ili walio na nakala ya awali wajue ipi ni ya mwisho.