Treni Bado Ipo, Lango Limefungwa

Abiria mwenye tiketi ya Eurostar ya saa 4:31 asubuhi, akiingia stesheni ya St Pancras, London, saa 4:04, treni yake ataikuta. Iko ghorofa ya juu, imesimama kwenye reli na taa zake zinawaka. Lakini akiweka tiketi yake kwenye kioo cha lango, lango halifunguki. Zimebaki dakika 27 treni iondoke, ila kuingia kulifungwa saa 4:01, dakika 30 kamili kabla ya safari.

Watu wengi hudhani dakika hizo ni za kukagua mabegi, kama wanavyoona Mombasa au Nairobi, pale mizigo ya abiria wa Madaraka Express inapopangwa kwa mstari na mbwa kupita wakiinusa. Huko London begi ndiyo sehemu inayokwenda haraka. Abiria anaweka mzigo kwenye mkanda wa mashine ya eksirei, anapita kwenye fremu inayotambua chuma, anachukua mzigo wake na kuendelea. Hata maji ya kunywa hayakatazwi kama kwenye ndege. Vinavyokatazwa ni silaha na vitu vya hatari, pamoja na kumbukumbu za vita. Ganda la mzinga lililookotwa kwenye uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza kaskazini mwa Ufaransa, hata likiwa limeliwa na kutu, linaweza kusimamisha foleni nzima.

Ukaguzi huo upo kwa sababu ya handaki. Njia ya reli inayopita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ina urefu wa kilomita 50, na kilomita 38 kati ya hizo ziko chini ya maji. Moto ukizuka humo, hakuna mahali pa kushuka isipokuwa kwenye vichochoro vya kutokea, vilivyopangwa kila baada ya mita 375, vinavyoingia kwenye handaki dogo la huduma lililo katikati. Basi kilicho hatari hutafutwa juu, kabla treni haijaondoka.

Kinachokula muda ni pasipoti. Safari ya kwanza ya Eurostar kwa abiria ilifanyika Novemba 14, 1994, na kwa makubaliano ya serikali hizo mbili, mpaka wa Ufaransa umehamishiwa ndani ya London. Baada ya begi kukaguliwa, abiria hukutana na polisi wa mpakani wa Ufaransa, mwenye sare ya kwao na muhuri wa kwao, akifanya kazi ndani ya ardhi ya Uingereza. Paris, kwenye stesheni ya Gare du Nord, ni kinyume chake: abiria hupita kwa Mfaransa anayemtoa, kisha hatua chache mbele kwa Mwingereza anayempokea. Ndiyo maana akishuka mwisho wa safari anatembea moja kwa moja hadi barabarani. Mpaka alishauvuka kabla ya kupanda.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayeishi Uingereza, jambo hili lina uzito wake. Kibali cha kuishi London hakimpeleki Paris. Anahitaji viza ya Schengen, na anayeikagua amekaa London. Viza ikiwa imekwisha jana, safari inaishia hapo hapo St Pancras.

Sasa hesabu. Treni mpya za Eurostar zina urefu wa mita 400 na huchukua abiria wapatao 900. Tuseme wengi wao wanafika ndani ya saa moja, kati ya dakika 90 na dakika 30 kabla ya kuondoka. Hao ni watu 15 kila dakika. Kama ofisa mmoja anamaliza abiria mmoja kwa dakika moja, vibanda 15 vinahitajika vikifanya kazi bila kusimama, kwa treni hiyo moja tu, na mara nyingi abiria wa treni inayofuata wameshaanza kupanga foleni nyuma yao. Ongeza sekunde 20 kwa kila pasipoti: kwa watu 900 zinakuwa sekunde 18,000, yaani saa 5 za kazi ambazo hazikuwepo. Zigawe kwa vibanda 15, kila kimoja kinachelewa kwa dakika 20.

Sekunde hizo zilikuja kweli. Kuanzia Januari 2021, Waingereza walipotoka rasmi kwenye utaratibu wa Umoja wa Ulaya, pasipoti zao zilianza kugongwa muhuri. Oktoba 12, 2025, Ulaya ikaanza mfumo mpya wa kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole. Aliyekwisha kutoa alama za vidole alipoomba viza haandikishwi tena vidole, lakini uso wake hupigwa picha. Stesheni nayo haipanuki kirahisi. Ilifunguliwa mwaka 1868, na ukumbi wa chini wanamosubiri abiria ulijengwa kuhifadhi mapipa ya bia yaliyoletwa kwa treni kutoka Burton. Hata nafasi kati ya nguzo zake ilipimwa kwa mapipa.

Kwamba tatizo ni mpaka, si treni, linaonekana wazi kwa kampuni hiyo hiyo. Eurostar ya Paris kwenda Brussels haikatizi mpaka wenye ukaguzi wa pasipoti, kwa hiyo abiria anaweza kufika dakika chache tu kabla na kutembea hadi kwenye behewa lake. Hispania iko katikati: kwenye treni za kasi za AVE mizigo hupitishwa kwenye eksirei, lakini hakuna pasipoti za kugonga, na kuingia hufungwa dakika 2 tu kabla ya kuondoka. Amsterdam ilionyesha upande wa pili. Treni za moja kwa moja kutoka London zilianza Aprili 2018, lakini waliorudi walilazimika kushuka Brussels na mizigo yao, wakaguliwe hapo, kisha wapande treni nyingine, kwa kuwa mpangilio wa ukaguzi wa Uingereza ulikuwa haujawekwa Uholanzi. Hali hiyo ilidumu hadi Oktoba 2020.

Zinabaki dakika 30 za mwisho, na hapo ndipo abiria wengi huona wameonewa. Lakini dakika 30 ni kipimo cha aliye wa mwisho kabisa. Akipita langoni saa 4:01, bado ana begi la kukaguliwa, kibanda cha pasipoti, ngazi ya kupanda hadi kwenye reli, na behewa ambalo linaweza kuwa mita 300 mbele. Treni nayo haiwezi kumngoja, kwa sababu handakini ina nafasi yake iliyopangwa kati ya treni za mizigo na zile zinazobeba magari. Ikikosa nafasi hiyo inasubiri nyingine. Tiketi za daraja la juu kabisa hufungiwa dakika 15 kabla, kwa kuwa wenye nazo wana njia yao ya pembeni.

Kwa hiyo saa ya kufuata ni ile ya lango, na muda wa kufika ulioandikwa kwenye tiketi ndio wa kupangia safari. Aliyepita langoni saa 3:58 na kukwama kwenye foleni ndefu bado yumo mikononi mwa wafanyakazi: hupita kando ya mistari wakiita kwa sauti wenye tiketi za saa 4:31, na wanaoinua mikono hutolewa na kupelekwa mbele ya wale wa treni inayofuata.