Picha ya Simu Kwenye Bango la Mita Tatu

Picha ya kidijitali imeundwa kwa pikseli, yaani nukta ndogo za rangi zilizopangwa kwa safu, na idadi yake haiongezeki kwa sababu bango ni kubwa. Kinachotokea ni kwamba kila nukta hunenepa. Picha yenye upana wa pikseli 1200 ikichapwa kwenye kadi ya sentimita 10, kila pikseli haifikii hata sehemu ya kumi ya milimita. Picha hiyohiyo ikitandazwa kwenye fleksi ya mita 3, kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 2.5, na hapo ndipo uso wa mtu unapoanza kuonekana kama sakafu ya vigae.

Hata hivyo ukubwa wa pikseli peke yake hautoi hukumu. Unapimwa pamoja na umbali wa anayetazama. Mtu mwenye macho mazuri, akiwa mita 1 kutoka kwenye kitu, hawezi kutenganisha nukta zilizokaribiana kuliko milimita 0.3 hivi. Akiwa mita 2, kikomo hicho ni milimita 0.6, akiwa mita 4 ni milimita 1.2, na kuendelea. Ndiyo maana mabango ya barabarani huchapwa kwa picha ambazo zingetia aibu kwenye jarida, na hakuna dereva anayelalamika. Kwa hiyo swali la kwanza la kazi hii ni hili: anayetazama bango atasimama wapi?

Tuseme bango ni la harusi. Lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 1.5, na litatundikwa nyuma ya meza kuu. Wageni walio karibu kabisa wameketi mita 4 kutoka hapo, lakini baadaye watasogea hadi mita 2 ili kupiga picha. Picha ya maharusi imepokelewa kwa WhatsApp, ikiwa imesimama wima, pikseli 1200 kwa 1600.

Kosa la kawaida ni kuivuta picha hiyo mpaka ijaze bango zima. Pikseli zitakuwa za milimita 2.5, mara mbili ya kile ambacho jicho huvumilia kutoka mita 4, na isitoshe, kwa kuwa picha ni ya wima na bango ni la mlalo, sehemu kubwa ya picha itakatwa. Mpangilio mwingine unaokoa kila kitu: picha ipewe kimo chote cha bango, mita 1.5, na iwekwe upande mmoja. Upana wake utakuwa takriban mita 1.1, na kila pikseli itakuwa chini kidogo ya milimita 1. Kutoka mita 4 jicho halizioni. Kutoka mita 2 bado zingeonekana kidogo, na hapo ndipo kazi ya kukuza picha inapohitajika. Sehemu iliyobaki ya bango inachukua majina, tarehe na rangi za sherehe, vitu ambavyo havihitaji pikseli za picha hata moja. Mpangilio mzuri huokoa picha ndogo kuliko kichujio chochote kilichomo ndani ya kompyuta.

Akiona haya, mhusika anaweza kushangaa kwamba bango la jirani lilipigiwa hesabu hizihizi na bado likatoka na miraba inayoonekana hadi mlangoni. Mara nyingi miraba hiyo si pikseli. Faili la JPEG, ambalo ndilo muundo wa picha nyingi za simu, hubanwa kwa kugawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha kila kipande hurahisishwa peke yake. Ubanaji ukiwa mkali, mipaka ya vipande hubaki kama alama. Kwenye bango letu, pikseli moja ni milimita 0.94, lakini kipande cha pikseli 8 ni milimita 7.5. Kitu cha ukubwa huo jicho linaweza kukibaini hata kutoka upande wa pili wa ukumbi. Huonekana zaidi mahali palipo laini: paji la uso, shavu, ukuta mweupe, anga. Kwenye nywele na kwenye lesi ya shela hujificha.

Hivyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote hufanywa kabla ya kufungua programu yoyote, nayo ni kuitafuta picha ya asili. WhatsApp, ikitumiwa picha kwa njia ya kawaida, huipunguza na kuibana. Picha ya kamera ya simu yenye pikseli 3000 kwa 4000 mara nyingi hufika ikiwa na 1200 kwa 1600. Aliyeipiga akiombwa aitume kama hati, yaani kwa kuchagua Document badala ya Gallery, faili hufika kama lilivyo. Picha iliyopigwa kutoka kwenye skrini, kwa maana ya screenshot ya wasifu wa mtu, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu imekwisha kubanwa na mtandao, kisha ikafuata ukubwa wa skrini badala ya ukubwa wake yenyewe. Wakati mwingine picha ya asili haipatikani kabisa: simu imeibwa, mpiga picha hapokei. Basi inafanywa kazi na iliyopo.

Kwa picha iliyopo, mpangilio wa hatua ni muhimu. Alama za ubanaji zisafishwe kwanza, picha ikuzwe baadaye, na kunoa kufanyike mwisho. Anayeanza kwa kunoa hunoa mipaka ya miraba, na akishaikuza, miraba hiyo inakuwa sehemu ya sura ya bwana harusi.

Katika GIMP, programu isiyolipiwa, usafishaji unaweza kufanywa kwa Filters > Blur > Selective Gaussian Blur. Kichujio hiki hulainisha sehemu zinazofanana kwa rangi na kuiacha mipaka mikali kama ilivyo. Thamani ziwe ndogo, na ni busara kuchagua ngozi na ukuta tu, huku macho, midomo na nywele zikiachwa bila kuguswa. Wenye Photoshop wanacho kisanduku cha Remove JPEG Artifact ndani ya Filter > Noise > Reduce Noise. Dalili kwamba mkono umezidi ni ngozi kung'aa kama plastiki. Hapo ni kurudi nyuma.

Kisha picha inakuzwa. Kwa bango la kutazamwa kutoka mita 2, pikseli 100 kwa kila inchi zinatosha na kuzidi, kwa kuwa kila moja itakuwa na milimita 0.25. Kimo cha mita 1.5 ni inchi 59, hivyo picha inahitaji pikseli 5900 kwenda juu. Ndani ya Image > Scale Image huandikwa 5900 kwenye Height, upana hujipanga wenyewe kuwa 4425, na kwenye Interpolation huchaguliwa NoHalo badala ya None. None hurudiarudia pikseli za zamani na kuacha miraba ileile. Njia nyingine hukisia rangi za katikati na kufanya mpito uwe laini. Ni kukisia tu. Kope ambayo kamera haikuinasa haitazaliwa hapa, na picha iliyokuzwa hivi hutoka ikiwa na ulaini kidogo badala ya miraba, jambo ambalo macho ya binadamu husamehe kwa urahisi.

Wapo wanaofungua dirisha hilo, wakabadilisha tarakimu ya 72 kuwa 300 kwenye sehemu ya X resolution, na kuamini kazi imekwisha. Tarakimu hiyo ni maelezo tu ya namna pikseli zitakavyopangwa kwenye karatasi. Pikseli zikibaki 1600, picha ni ileile. Vivyo hivyo mashine ya kuchapa fleksi inayosifiwa kwa nukta 1440 huzungumzia matone ya wino, si pikseli za picha; wino laini haurudishi kilichopotea.

Baada ya kukuza hufuata kunoa, kwa Filters > Enhance > Sharpen (Unsharp Mask). Kwa kuwa picha imekuzwa karibu mara nne, Radius iwe kama 3, na Amount isizidi 1 mwanzoni. Mstari mweupe ukitokea kuzunguka mabega au shela, kunoa kumezidi. Mwisho kabisa, chembechembe kidogo sana za Filters > Noise > RGB Noise hunyunyizwa juu ya picha nzima. Inaonekana ni kinyume cha akili kuichafua picha iliyotoka kusafishwa, lakini jicho likiona chembe hudhani linaona umbile la ngozi na kitambaa, na ulaini wa kukuza hausumbui tena.

Maandishi yasichapwe ndani ya picha. Majina ya maharusi yaandikwe katika programu ya vekta kama Inkscape, ambamo herufi ni mistari ya hesabu na hubaki kali kwa ukubwa wowote, na picha iliyoandaliwa iingizwe humo. Nembo ya rangi mbili au tatu iliyokuja kama picha ndogo inaweza kugeuzwa vekta kwa Path > Trace Bitmap, ingawa nembo yenye herufi nyembamba ni afadhali ichorwe upya, kwani kona zake hutoka zimeyeyuka. Kama eneo lililobaki linahitaji mandhari, nakala ya picha hiyohiyo iliyofifishwa kabisa hufaa, kwa sababu kitu chenye ukungu wa makusudi hakidai pikseli nyingi.

Kuna picha ambazo haziponi. Katika picha ya kundi la watu 20 yenye upana wa pikseli 1600, uso mmoja huenda ukawa na pikseli 60 tu. Uso huo ukikatwa na kukuzwa hadi sentimita 28, ukubwa unaoweza kuwa wa uso kwenye bango letu, kila pikseli ya awali inakuwa karibu milimita 5. Hapo ushauri wa kweli kwa mteja ni kutafuta picha nyingine, au kuiweka hiyo ikiwa ndogo.

Kabla fleksi nzima haijachapwa, kipande cha jaribio huondoa ubishi. Sehemu ya macho na mdomo, pikseli 827 kwa 1169, hukatwa na kuchapwa kwenye karatasi ya A4 bila kuruhusu printa iipunguze. Kwa pikseli 100 kwa inchi, karatasi hiyo ina ukubwa halisi utakaokuwa kwenye bango. Inabandikwa ukutani na kutazamwa kutoka mita 4, kisha mita 2. Kuitazama kwa pua kugusa karatasi, au kukuza skrini hadi 400%, huleta hofu isiyo na sababu.

Kazi ikikubaliwa, huhifadhiwa kama PDF yenye ukubwa halisi wa milimita 3000 kwa 1500 na kupelekwa kwa mchapaji kwenye flashi au kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida ya WhatsApp, bango zima, majina yakiwemo, hurudi kwenye pikseli 1600 hivi kwa mita 3, na mchapaji huenda asigundue mpaka wino umekwisha kukauka.