Fahamu: Tovuti ya duka la Tenke ikae wapi?

Chukua duka la vipuri la Tenke linalouzia makandarasi wa mgodi wa Tenke Fungurume. Linahitaji kurasa chache na barua pepe yenye jina lake la .cd.

Upangishaji wa pamoja

Tovuti nyingi hukaa kwenye seva moja. Ni nafuu, na kwa duka hili inatosha. Tatizo kubwa ni barua pepe: mara nyingi wapangaji hutumia anwani moja ya IP, hivyo mmoja akituma barua taka, ankara zako nazo hukataliwa. Utajua zikirudi na neno "blacklist" au "blocked". Hapo hamisha barua pepe tu kwa mtoa huduma mwingine, tovuti ibaki.

Seva pepe

Unapata sehemu yako mwenyewe, lakini masasisho, ulinzi na nakala rudufu ni kazi yako. Kumbukumbu ikijaa, Linux inaweza kuizima hifadhidata na tovuti ikakatika. Kama huna fundi wa kudumu, iache.

Jukwaa linalosimamiwa

Kampuni hufanya masasisho yote. Unalipa zaidi, na ukihama, kwa kawaida kurasa hujengwa upya.

Kokote uendako, domeni isajiliwe kwa jina la duka, si la fundi.